Mpango wa dharura: chatboti inapompa mkulima ushauri potofu

Toleo la 2. Unawahusu wafanyakazi wote wa ofisi ya Dar es Salaam na maghala ya Iringa na Mbeya. Msimamizi: Mkuu wa Huduma kwa Wateja.

Mpango unaanza lini

Unaanza pale mtu yeyote, awe mkulima, muuza duka au mfanyakazi mwenzetu, anapotuonyesha jibu la chatboti linaloweza kudhuru mtu, mazao au mfuko wa mteja. Hatusubiri uthibitisho. Mara ya kwanza tulisubiri. Mkulima wa nyanya wa Ilula aliambiwa atie mililita 200 za kiuatilifu kwenye pampu ya lita 20, na lebo inasema 20. Picha ya jibu hilo ilianza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp saa moja asubuhi. Sisi tukabishana hadi saa sita kama picha ni ya kweli, na muda wote huo chatboti iliendelea kujibu.

Kosa ni jekundu likigusa kipimo cha dawa, siku za kusubiri kabla ya kuvuna, uchanganyaji wa dawa mbili au huduma ya kwanza. Ni njano likigusa bei, punguzo au ahadi ya kurudishiwa fedha. Ukisitasita, lihesabu jekundu.

Dakika 15 za kwanza

Aliye zamu anazima majibu. Haombi ruhusa kwa mtu, na hata ikigundulika baadaye kwamba hapakuwa na kosa, haulizwi kwa nini alizima.

```
majibu_ya_chatboti = false
```

Kisha atume neno "habari" kwa simu yake mwenyewe. Anapaswa kupata ujumbe huu tu: "Kwa sasa maswali yanajibiwa na bwana shamba. Subiri, tutakupigia." Akipata jibu lingine lolote, chatboti haijazimika.

Hakuna kufuta kitu. Mazungumzo, saa, toleo la modeli, maelekezo na nyaraka ilizosoma vinahifadhiwa kama vilivyo. Aliyesambaza picha haombwi aiondoe, ametusaidia.

Kuwatafuta wengine

Hii ndiyo kazi kubwa, na ndiyo tuliyoifanya vibaya. Tulitafuta "200" tukapata watu watatu. Wakulima hawaandiki hivyo. Wanaandika "bomba", "dumu", "vifuniko vingapi", na wanaoulizia dawa ya nondo wa nyanya wanaandika "kantangaze". Tafuta kwa jina la dawa na kwa maneno hayo yote, kuanzia siku nyaraka za chatboti zilipobadilishwa mara ya mwisho.

Kila aliyepata jibu la kosa jekundu anapigiwa simu na bwana shamba siku hiyohiyo. Ujumbe mfupi peke yake hautoshi. Aanze hivi:

"Shikamoo mzee. Napiga kutoka kwenye duka la pembejeo ulilouliza kwa simu. Kipimo ulichopewa ni kikubwa mno, na kosa ni letu. Je, umeshapulizia? Nani alishika pampu, na anajisikiaje?"

Mwenye kichefuchefu, kizunguzungu, jasho jingi au kupumua kwa shida aende kituo cha afya mara moja akiwa na kopo lenye lebo. Avue nguo zilizolowa, aoge kwa maji mengi na sabuni. Asilazimishwe kutapika. Nyanya zilizopuliziwa zisivunwe mpaka bwana shamba afike.

Namba za wateja zinatumika kwa kazi hii tu, kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kitengo cha mauzo hakipewi orodha.

Tangazo

Linatoka ndani ya saa 2, palepale picha ilipozunguka:

"Chatboti yetu ilitoa kipimo kisicho sahihi cha dawa ya nyanya: mililita 200 kwa pampu ya lita 20. Kipimo sahihi ni mililita 20. Tumeizima. Kama umeshapulizia, usivune. Tupigie kwa namba iliyo kwenye risiti yako. Kosa ni letu, tunaomba radhi."

Maneno "huenda", "baadhi ya watumiaji" na "changamoto ya kimtandao" hayaruhusiwi. Mkurugenzi Mkuu analisoma, hapambi. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania inapewa taarifa ya maandishi siku hiyohiyo.

Fidia

Tusijitetee kwamba chatboti ilijisemea yenyewe. Air Canada ilijaribu hoja hiyo huko British Columbia. Mwaka 2024 baraza la usuluhishi liliikataa, na shirika likaamriwa kumlipa abiria zaidi ya dola 800 za Kanada. Kwa kosa la njano, tunaheshimu bei au ahadi iliyotolewa. Kwa jekundu, tunalipa matibabu na mazao baada ya bwana shamba kukagua shamba, bila kumtaka mkulima asaini kwamba atanyamaza.

Kuwasha tena

Bwana shamba mkuu ndiye anayesaini. Fundi wa mifumo hawezi kusaini peke yake. Chatboti inaulizwa maswali 60 yaliyotoka kwenye mazungumzo halisi, pamoja na makosa yake ya tahajia. Kuhusu vipimo hairuhusiwi tena kutunga sentensi: inanukuu lebo neno kwa neno, au inamkabidhi mkulima kwa mtu. Ikikosea hata swali moja la kipimo, inabaki imezimwa.