Khutba ya Ijumaa: Karafuu Iliyotiwa Maji

(Imesomwa msimu wa karafuu, katika msikiti mmoja wa Wete, Pemba)

Khutba ya kwanza

Alhamdu lillahi Rabbil alamin. Tunamhimidi, tunamuomba msaada na maghufira, na tunajilinda Kwake na shari za nafsi zetu na ubaya wa vitendo vyetu. Ash-hadu an la ilaha illallah wahdahu la sharika lah, wa ash-hadu anna Muhammadan abduhu wa rasuluh. Allahumma swalli wa sallim alaihi wa ala alihi wa swahbihi ajmain.

Amma baad. Enyi waja wa Allah, najiusia mwenyewe kwanza, kisha nakuusieni nyinyi, kumcha Allah Subhanahu wa Taala.

Wazee wangu, ndugu zangu, msimu umeingia. Kila uwanja una jamvi, na kuanzia bandarini mpaka konde harufu ni moja. Ni neema ya Mola wetu, na tumshukuru. Lakini neema hii ina maneno yake, na maneno yenyewe tunanong'onezana barazani wala hatuyasemi mimbarini. Leo tutayasema. Wapo wanaoirusha maji karafuu usiku, asubuhi ikaenda mizanini. Wapo wanaochanganya makonyo ndani ya gunia, juu wakapamba kwa karafuu safi. Na ukimuuliza mtu, jawabu ni moja: "Shekhe, biashara ndivyo ilivyo."

Basi tumsikilize Mtume, rehma na amani zimshukie, siku aliyopita sokoni.

Imepokewa na Imamu Muslim kutoka kwa Abu Huraira, radhi za Allah ziwe juu yake, kwamba Mtume alilipitia rundo la chakula, akatia mkono wake ndani, vidole vyake vikagusa umajimaji. Akauliza, "Ni nini hiki, ewe mwenye chakula?" Yule mtu akasema, "Kimepatwa na mvua, ewe Mtume wa Allah." Mtume akamwambia, "Kwa nini usikiweke juu ya chakula ili watu wakione? Mwenye kughushi si katika mimi."

Hebu tuitazame Hadithi hii vizuri, kwa sababu tumeizoea mno hata haitushtui. Yule mfanyabiashara hakusema uongo. Alipoulizwa alijibu kweli: ni mvua. Wala hakutia maji kwa mkono wake. Mvua ni ya Mwenyezi Mungu. Kosa lake ni kuwa kikavu kilikaa juu na kibichi kikakaa chini, na yeye akanyamaza. Kwa kunyamaza tu aliambiwa neno zito namna ile. Sasa mwenye kwenda kisimani na ndoo, akateka, akarusha, akageuza kwa koleo ili maji yaenee, yeye tumweke wapi?

Maulamaa wamelisherehesha neno hili. Imamu Nawawi, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ametaja kwamba maana ya "si katika sisi" katika Hadithi za namna hii ni kuwa mtu huyo hayumo katika mwenendo wetu na uongofu wetu. Hakutolewa katika Uislamu. Kisha Nawawi akanukuu kwamba Sufyan bin Uyaina alikuwa akichukia watu kuifasiri hivyo. Akiona bora iachwe kama ilivyo, ili iingie zaidi nyoyoni na imzuie mtu. Mimi leo nafuata rai ya Sufyan. Sitailainisha.

Na Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Hakim bin Hizam kwamba muuzaji na mnunuzi wana hiari madhali hawajaachana, na wakisema kweli na wakabainisha, watabarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo, baraka ya biashara yao hufutwa. Angalieni, kumetajwa mambo mawili: kusema kweli, na kubainisha. Kusema kweli ni pale unapoulizwa. Kubainisha ni kusema hata kama hukuulizwa. Sisi tumeshika la kwanza, tena kwa shida, la pili tumeliacha kabisa. Tunasema, "Si kaja na macho yake? Angeangalia!" Lakini Uqba bin Amir, radhi za Allah ziwe juu yake, amepokea katika Sunan ya Ibn Majah: Muislamu ni ndugu wa Muislamu, wala si halali kwa Muislamu kumuuzia nduguye kitu chenye aibu ila ambainishie.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, katika Ihyaa, amemwekea mfanyabiashara mambo manne: asiisifu bidhaa kwa sifa isiyokuwa nayo, asifiche chochote katika aibu zake, asifiche chochote katika uzito na kipimo chake, na asifiche bei ambayo lau mwenzake angeijua asingenunua. Halafu akatoa mifano ya sokoni hasa. Anayemwonyesha mteja upande mzuri wa nguo na kuuficha wa pili, anaghushi. Anayetandaza vitambaa mahali penye giza, anaghushi. Miaka zaidi ya 900 imepita, na bado taa ya duka inachaguliwa rangi yake ili nyama ionekane nyekundu.

Tena kuna habari ya Yunus bin Ubaid, mfanyabiashara wa nguo wa Basra, ambayo kila nikiisoma naona haya. Alitakiwa kitambaa cha hariri. Kijana wake akakitoa, akakikunjua, akakitazama, akasema, "Ewe Mola, turuzuku Pepo." Yunus akamwambia akirudishe mahali pake, na hakukiuza. Alichelea dua ile isije ikawa ni kukisifu kitambaa kwa mlango wa nyuma. Sisi wallahi, billahi, tallahi ndiyo salamu ya dukani, na Mtume ametwambia katika Bukhari na Muslim kwamba kiapo huitoa bidhaa lakini hufuta baraka.

Msidhani maneno haya ni ya muuzaji peke yake. Jarir bin Abdillah alimpa ahadi Mtume ya kusimamisha Sala, kutoa Zaka na kumtakia kheri kila Muislamu. Siku moja mtumishi wake akamnunulia farasi kwa dirhamu 300, akaja na mwenye farasi ili alipwe. Jarir akamtazama farasi, akamwambia mwenyewe, "Farasi wako ni bora kuliko 300, utamuuza 400?" Akaendelea kumpandishia mia baada ya mia mpaka akamnunua kwa 800. Alipoulizwa, akataja ile ahadi. Tabarani ndiye aliyeipokea habari hii, na Nawawi kainakili. Sikutarajieni nyote muwe kina Jarir. Ila wewe unayemwendea bibi kizee kijijini, unajua bei ya mjini, yeye haijui, nawe unamwambia karafuu mwaka huu imeshuka! Huyo umemdanganya kwa ulimi, na hapo hakuna shekhe atakayekutafutia mlango wa kutokea.

Na pishi. Enyi wenye mashamba, mchumaji anapanda juu ya mti tangu alfajiri, roho yake iko kwenye tawi, na ujira wake ni kwa pishi. Anapopimiwa, pishi inapewa kilele mpaka zinamwagika. Mkiuza nyinyi, mnataka gramu isipotee. Soma Suratul Mutaffifin: "Ole wao wapunjao! Ambao wakijipimia kwa watu hutaka watimiziwe, na wao wakiwapimia watu au wakiwapimia kwa mizani hupunguza." Ibn Abbas amesema Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wake ni wabaya sana wa vipimo, Allah akaiteremsha Sura hii, wakatengeneza vipimo vyao. Walisikia, wakabadilika. Na nabii Shuaib aliwaambia watu wa Madyan watimize kipimo na mizani baada tu ya kuwaambia wamuabudu Allah mmoja. Hakungoja wamalize darsa za tauhidi kwanza.

Aqulu qauli hadha, wa astaghfirullaha li wa lakum, fastaghfiruh, innahu huwal Ghafurur Rahim.

Khutba ya pili

Alhamdu lillah, was-swalatu was-salamu ala rasulillah. Enyi waja wa Allah, mcheni Allah.

Wengine watauliza: kama mauzo yameshapita, hukumu yake ni nini? Katika Minhaj ya Nawawi, ambayo wengi wenu mmeisoma au mmesomewa, mauzo yenyewe yanasihi, lakini muuzaji aliyeficha ana dhambi, na mnunuzi akigundua aibu iliyokuwepo kabla hajaipokea mali ana haki ya kuirudisha, kwa sharti afanye haraka wala asijikawize bila udhuru. Na aibu waliyoikusudia ni ile inayopunguza kitu chenyewe au thamani yake, na ambayo kwa kawaida bidhaa ya namna ile haiwi nayo.

Na kile kibao cha "Mali ikishauzwa hairudishwi"? Kauli iliyo dhahiri zaidi katika madhehebu yetu ya Shafii ni kuwa sharti la muuzaji kujitoa katika aibu linamfaa kwa aibu ya ndani ya mnyama ambayo hakuijua. Zaidi ya hapo halimfai. Simu, feni, gunia la mchele, kibao hakikuokoi. Asili yake ni kisa kilichomo katika Muwatta ya Imamu Malik. Abdullah bin Umar alimuuza mtumwa kwa dirhamu 800 kwa sharti la kutodaiwa aibu. Mnunuzi akaona maradhi, wakafika kwa Sayyidna Uthman. Uthman akahukumu Ibn Umar aape kwamba alimuuza naye hajui ugonjwa wowote. Ibn Umar akakataa kuapa, akamchukua mtumwa wake. Yule mtumwa akapona, baadaye akamuuza kwa 1500.

Aliyekwishafanya, na wengi tunajijua, mlango uko wazi. Amwendee aliyempunja, amrudishie au amtake radhi. Mchumaji wa mwaka jana unamjua nyumba yake, mwendee leo baada ya Sala. Ikiwa mwenyewe hajulikani na hatafutiki, maulamaa wamesema kitolewe sadaka kwa niaba yake. Imamu Abu Hanifa, naye alikuwa muuza nguo Kufa, mshirika wake aliuza nguo yenye kasoro akasahau kumwambia mnunuzi, na mnunuzi hakujulikana. Abu Hanifa akaitoa sadaka thamani ya mali ile. Na asiseme mtu, "Mimi nimeliuzia shirika, sikumuuzia mtu." Mali ya shirika ina wenyewe, na ni wengi kuliko utakaoweza kuwapitia kuwaomba radhi.

Gunia lililolowa ambalo bado liko nyumbani, lianikwe tena. Jua lipo.

Allahummaghfir lil muslimina wal muslimat, wal muminina wal muminat, al-ahyai minhum wal amwat. Allahummakfina bihalalika an haramik, wa aghnina bifadhlika amman siwak. Ewe Mola wetu, wabariki wachumaji wetu na uwalinde juu ya miti. Tubarikie mashamba yetu, vipimo vyetu na mizani zetu. Wape shifaa wagonjwa wetu, na uwarehemu waliotutangulia. Rabbana atina fid-dunya hasana, wa fil akhirati hasana, wa qina adhaban nar.

Ibadallah, innallaha yamuru bil adli wal ihsani wa itai dhil qurba, wa yanha anil fahshai wal munkari wal baghy, yaidhukum laallakum tadhakkarun. Wa aqimis swala.