Barua ya kuomba kurudishiwa maji yaliyokatwa kimakosa

Nyumba Na. 27,
Mtaa wa Mwembeni.
17 Novemba 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira,
Ofisi ya Kanda.

Ndugu Meneja,

YAH: MAJI KUKATWA KIMAKOSA, AKAUNTI NA. 20418-0637. OMBI LA KURUDISHIWA HUDUMA NA KUFUTIWA GHARAMA YA SH 20,000

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu mwenye akaunti iliyotajwa. Ijumaa tarehe 14 Novemba 2025 asubuhi, mafundi wenu walifika mtaani kwetu na kukata maji ya nyumba yangu. Sidaiwi. Deni lililowaleta ni la akaunti nyingine, na hati waliyoiacha wao wenyewe inaonyesha hivyo. Naomba maji yarudishwe mara mtakapoipata barua hii, na ile gharama ya kurudisha huduma iliyoingizwa kwenye akaunti yangu ifutwe.

Ankara ya Oktoba niliipata kwa ujumbe wa simu kama kawaida: uniti 9, Sh 17,640, mwisho wa kulipa tarehe 15 Novemba. Nililipa kwa simu tarehe 6 Novemba, kwa namba ya malipo iliyokuwa kwenye ujumbe huohuo, na uthibitisho wa malipo ukarudi papo hapo. Nimeuchapisha na kuuambatanisha pamoja na ankara za miezi sita iliyopita, ambazo zote zinaonyesha deni la nyuma ni sifuri. Hata kama ningekuwa sijalipa, siku waliyokuja mafundi muda wa kulipa ulikuwa haujaisha, wala sikuwahi kupewa notisi ya kusudio la kukata.

Sasa nieleze kosa lilipotokea, kwa sababu naamini mkiliona hamtahitaji kubishana nami. Dira yangu na ya nyumba jirani zimefungwa ndani ya shimo moja la zege nje ya ukuta, ubavu kwa ubavu. Namba za akaunti ziliandikwa kwa rangi ndani ya shimo siku zilipofungwa, na mvua za mwaka huu zimejaza tope humo. Ya upande wangu inasomeka nusu, ya pili haisomeki kabisa. Hati ya kusitisha huduma iliyochomekwa getini kwangu imeandikwa akaunti 20418-0673. Yangu ni 20418-0637. Tarakimu mbili za mwisho zimepishana tu, na kwa mtu mwenye orodha ndefu mkononi ni rahisi kuzichanganya. Lakini hati hiyohiyo ina namba ya dira pia, na namba hiyo si ile iliyochongwa kwenye mfuniko wa dira yangu, 1804526. Kufuta tope kwa kidole na kulinganisha kungetosha. Picha za hati, za shimo na za mfuniko wa dira nimeziambatanisha. Dira yangu imefungwa koki na kutiwa lakiri ikiwa imesoma 0412.

Siandiki haya ili jirani yangu akatiwe. Deni ni jambo lenu na yeye, na kama mna madai kwake naomba apewe notisi na nafasi ya kujieleza kabla ya fundi kutumwa. Mimi mwenyewe nafasi hiyo sikuipata.

Ijumaa hiyohiyo mchana nilifika ofisini kwenu. Dada wa dirishani alinipokea vizuri, akaingia kwenye mfumo na kukiri kwamba akaunti yangu haina deni. Hata hivyo alisema mfumo umeshanisoma kama mteja aliyekatiwa, na hauwezi kumtuma fundi mpaka nilipie Sh 20,000. Nilipe kwanza, kisha nidai kurudishiwa. Namshukuru kwa ukweli wake, na sina lalamiko lolote juu yake. Ushauri huo ndio siwezi kuukubali. Gharama ile ni ya mteja aliyeshindwa kulipa ankara hadi mamlaka ikaingia gharama ya kumfuata. Safari ya fundi kuja kwangu haikusababishwa na mimi, na ya kuja kufungua haitasababishwa na mimi. Nikilipa, kumbukumbu zenu zitabaki zikisema nilikuwa mdaiwa sugu nikakatwa, nikalipa faini nikafunguliwa. Jina langu sitaki likae hivyo. Naomba kwa hiyo, pamoja na kufuta fedha hizo, rekodi ya kukatwa isahihishwe ionyeshe kwamba lilikuwa kosa la utendaji.

Nyumbani kwangu yupo binti yangu aliyejifungua mwanzoni mwa mwezi huu. Nguo za mtoto hufuliwa kila siku, na mzazi anahitaji maji ya moto asubuhi na jioni. Tangu Ijumaa tunanunua maji ya mkokoteni, Sh 400 kwa dumu la lita 20. Kwa bei hiyo uniti moja, yaani madumu 50, inanigharimu Sh 20,000, sawasawa na fedha mnazonidai ili mnifungulie. Na maji yenyewe sijui yamechotwa wapi. Ya kumwogeshea mtoto tunayachemsha kwanza, na mkaa unakwisha.

Kuna kijana aliyejitolea kuivunja lakiri anifungulie usiku. Nilimkatalia. Najua kwamba kuchezea dira na kujirudishia maji ni kosa chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya 2019, na sitaki kosa lenu lizae kosa langu. Naomba uaminifu huo nanyi muuone mnapolipima ombi hili.

Najua pia kwamba mteja asiyeridhika na majibu ya mtoa huduma anaweza kupeleka lalamiko EWURA, na kwamba lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji la EWURA linaloweza kumsaidia. Nimeanza kwenu kwa sababu ndio utaratibu, na kwa sababu jambo hili linaweza kumalizwa na fundi mmoja mwenye spana. Ikiwa hadi Alhamisi tarehe 20 Novemba maji hayajarudi, au yamerudi lakini gharama imebaki kwenye akaunti, nitapeleka lalamiko langu huko pamoja na viambatisho hivi.

Fundi akija, namuomba asome dira pamoja nami kabla ya kufungua koki na tuandike namba tunayoiona, ili ankara ya Novemba isije na utata. Namuomba pia aziandike upya namba za akaunti ndani ya shimo, yangu na ya jirani. Rangi nitanunua mimi kama hana. Nipo nyumbani asubuhi yote, na mchana yupo binti yangu. Namba yangu ya simu ni ileile mnayonitumia ankara.

Wako,

Rehema J. Kilindo
Mteja, Akaunti Na. 20418-0637

Viambatisho: uthibitisho wa malipo wa tarehe 6 Novemba 2025, ankara za Mei hadi Oktoba 2025, nakala ya hati ya kusitisha huduma, picha za dira na shimo.

Nakala: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, Mwembeni, aliyefika siku hiyo na kujionea dira iliyofungwa.