YAH: Kuvuja tena kwa dari ya ofisi yetu ghorofa ya tatu, na ombi la tarehe ya matengenezo

Kwa: Mwenye jengo
Nakala: Msimamizi wa jengo
Tarehe: 10 Februari 2025

Mzee wetu,

Shikamoo.

Naandika kwa niaba ya ofisi yetu ya uhasibu na ushauri wa kodi, tuliopanga vyumba viwili vya ghorofa ya tatu, upande wa nyuma, katika jengo lako la Kariakoo. Dari ya chumba cha kumbukumbu inavuja tena, na safari hii maji yamefika kwenye taa. Tatizo hili tumelifikisha kwako au kwa msimamizi wa jengo mara kadhaa tangu mwaka jana, limezibwa mara mbili, na kila mara limerudi. Ombi letu kuu katika barua hii ni kupewa, kwa maandishi, tarehe ya mafundi kuanza kazi na tarehe ya kuimaliza.

Ili tuwe na kumbukumbu moja sote, naeleza mambo yalivyokwenda. Tarehe 22 Aprili 2024, katikati ya masika, tulileta barua kwa msimamizi tukieleza kwamba maji yanadondoka karibu na ukuta wa nyuma, naye akasaini nakala yetu kuthibitisha kuipokea. Fundi alikuja tarehe 6 Mei, akaziba ufa juu ya paa kwa saruji na mchanga. Kiangazi kilipita salama, kama ilivyotarajiwa. Mvua za vuli zilipoanza dari ikalowa palepale, na tarehe 11 Novemba tukamtumia msimamizi picha kwa simu. Alijibu siku hiyohiyo, jambo tunalomshukuru, na tarehe 29 Novemba fundi mwingine akapaka lami juu ya ile saruji ya zamani. Tarehe 9 Januari mwaka huu maji yalidondoka tena, ilhali mvua haikuwa imenyesha. Tulikuandikia baruapepe tarehe 13 Januari na kukukumbusha tarehe 27 Januari, na hadi leo hatujapata jibu la barua hizo mbili. Barua ya Aprili, picha zote na nakala za baruapepe nimeziambatisha hapa.

Tukio la Januari ndilo lililotufumbua macho kuhusu chanzo chenyewe, na naomba uniruhusu nilieleze kwa urefu kidogo, kwa sababu naamini ndipo ilipo sababu ya matengenezo ya awali kutodumu. Asubuhi ile mlinzi alipanda juu pamoja na mwenzetu mmoja, wakakuta boya la tangi mojawapo limekwama, tangi linafurika, na maji yametuama kwenye kona ya nyuma kwa sababu mdomo wa bomba la kutolea maji ya mvua umezibwa na mifuko ya plastiki na mchanga. Maji hayo yaliyotuama yanapenya pale zege la paa linapokutana na ukuta mfupi wa pembeni, yanatembea ndani ya zege, kisha yanatokea chini mahali pengine kabisa, hatua kadhaa kutoka yalipoingilia. Mafundi wote wawili walipima kwa kutazama doa la darini na kuziba juu ya doa hilo. Isitoshe, saruji kavu haifuati zege linapotanuka kwa jua la mchana na kunywea usiku, hivyo hata pale ilipozibwa vizuri nyufa hufunguka upya baada ya miezi michache.

Kwa maoni yetu, basi, kuziba ufa peke yake hakutasaidia. Boya libadilishwe, bomba la maji ya mvua lizibuliwe na kuwekewa wavu, lami ya zamani ibanduliwe, na kona yote ya nyuma pamoja na maungio ya ukuta ule mfupi iwekewe tabaka jipya la kuzuia maji, kisha paa lijaribiwe kwa kutuamisha maji kabla fundi hajaondoka. Uamuzi wa kitaalamu ni wa fundi utakayemwamini wewe. Tunachoomba ni akague kona ile na matangi, asiishie kwenye doa.

Madhara yake kwetu si madogo. Taa mbili za chumba hicho tumezizima kwenye saketi breka kwa ushauri wa fundi umeme, kwa kuwa maji yalikuwa yakishuka kwenye waya, na wafanyakazi wanatafuta mafaili kwa mwanga wa simu. Jipsamu imelegea upande mmoja na inaweza kumwangukia mtu. Makabati tumeyasogeza hadi mlangoni, lakini mafaili kadhaa ya wateja yalikwisha kulowa. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka mitano, na wateja wetu wametukabidhi nyaraka hizo wakiamini kwamba zitakuwa mahali pakavu. Stakabadhi iliyofutika wino hatuna namna ya kuirudisha, na hilo ndilo linalotunyima usingizi kuliko usumbufu wetu wenyewe.

Kifungu cha 9 cha mkataba wetu wa pango kinaeleza kwamba paa, kuta za nje na mabomba makuu ni jukumu la mwenye jengo, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, Sura ya 113, inaelekea hukohuko kwa jengo lililopangishwa sehemu. Kwa upande wetu, pango la robo hii limelipwa hadi tarehe 31 Machi, na hatuna nia ya kulizuia.

Tunaomba ukaguzi wa pamoja ufanyike kabla ya tarehe 18 Februari, na kazi ikamilike ifikapo Ijumaa, tarehe 28 Februari. Hatukuichagua tarehe hiyo kwa kubahatisha. Masika huanza mwezi Machi, na paa likilowa kazi ya kuweka tabaka jipya haiwezi kufanyika vizuri. Tena Machi ndio mwezi tunaoshughulikia makadirio ya kodi ya mapato ya wateja, ambayo mwisho wake ni tarehe 31, na chumba kile tutakihitaji kutwa. Tuko tayari kufungua ofisi Jumamosi na Jumapili, kuhamisha makabati kwa gharama yetu, na kumpa fundi nafasi yote atakayohitaji.

Naomba jibu lako ifikapo Ijumaa, tarehe 14 Februari. Iwapo tarehe nilizopendekeza hazikufai, tafadhali taja nyingine zilizo kabla ya mvua, nasi tutajipanga. Iwapo shida ni kumpata fundi, tunaweza kukuletea makadirio ya gharama kutoka kwa mafundi wawili ili uyapitie, na ukiridhia kwa maandishi tukasimamia kazi, gharama ikakatwa kwenye pango la robo ijayo. Tukikosa jibu hadi siku hiyo, tutalazimika kumwomba wakili wetu akuandikie rasmi chini ya kifungu hicho cha 9, hatua ambayo, kwa jinsi tulivyoishi nawe vizuri tangu tulipoingia hapa, tungependa sana tusiifikie.

Nitakuwepo ofisini kila siku ya kazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na niko tayari kupanda nawe juu ya paa wakati wowote utakaopata nafasi.

Wako mtiifu,

Meneja wa Ofisi
Mpangaji, ghorofa ya tatu, upande wa nyuma

Viambatisho: nakala ya barua ya 22 Aprili 2024 yenye saini ya mapokezi, picha za Novemba 2024 na Januari 2025, baruapepe za 13 na 27 Januari 2025, nakala ya kifungu cha 9 cha mkataba.