Mguu Mmoja

Chupa ya uzazi ilipasuka saa nne na dakika kumi usiku. Baba yuko njiani na lori, anaelekea Malaba, na stima zimepotea Utange nzima. Nyanya alishika simu kumulika; Mwanakombo akapiga magoti nyuma ya Maua, mtamba wa uzao wa kwanza, aliyekuwa akilala, akikaza, akiinuka, akilala tena.

Ukwato ukachungulia, wayo ukitazama chini. Mguu wa mbele huo, vyema. Halafu pua. Wakangoja mguu wa pili. Wapi!

"Leta kamba," alisema Mzee Salimu, jirani, ambaye hajawahi kufuga zaidi ya mbuzi. "Niite vijana wawili, tuvute."

Mwanakombo alinawa mpaka viwikoni, akajipaka povu la sabuni, akaingiza mkono taratibu. Akaufinya ulimi, ukajivuta. Yu hai! Akaifuata shingo hadi begani. Mguu wa pili ulikuwa umerudi nyuma, goti halifikiki. Maua akakaza, mifupa ikaubana mkono mpaka vidole vikafa ganzi.

Saa tano na robo.

"Hatuvuti, babu. Tutamrarua."

"Daktari wa usiku ni ghali," Nyanya alisema. "Na hizo pesa ni karo yako."

"Maua naye ni karo yangu, Nyanya."

Simu haikuwa na salio. Akakopa okoa jahazi, akapiga. Daktari wa mifugo aliuliza: Chupa ilipasuka saa ngapi? Kinaonekana nini? Akajibiwa moja baada ya jingine.

"Mwinue asimame. Asivute mtu. Nakuja."

Alifika na bodaboda kutoka Bamburi, koti la mvua juu ya kikoi. Mkazo ulipotulia alimsukuma ndama nyuma, akaufumbata ukwato kiganjani usichane kizazi, akauleta mbele. Kazi ya kuvuta alimwachia Mwanakombo: Maua akikaza, vuta; akipumzika, pumzika; mguu huu, kisha huu, kuelekea chini. Mabega yakapita kwa tabu, kisha ndama mzima akaporomoka.

Hapumui. Mwanakombo akamfuta kamasi puani, akamtekenya pua kwa unyasi. Akapiga chafya.

"Jike?" Nyanya aliuliza.

"Dume."

Nyanya akasonya.

Daktari alipaka kitovu iodini, akasema anyonyeshwe dang'a kabla ya alfajiri. "Miguu miwili na pua, na anasonga, muache mama afanye kazi yake. Mguu mmoja, au nyayo zinatazama juu, piga papo hapo. Kila kitu kiko sawa lakini saa nzima hasongi? Piga vilevile. Na kondo la nyuma lisipotoka kufikia kesho mchana, usilivute, nipigie."

"Hilo nalo ni la kulipia?" Nyanya aliuliza.

"Kuuliza ni bure, mama."

"Basi tungeanza na kuuliza," akasema, akafungua pindo la leso kuhesabu noti.