Misemo ya Ukuta Wetu, Kuanzia Getini Hadi Kwenye Tangi la Maji

UBAO WA KWANZA, KARIBU NA GETI

Karibu, mtoto wetu. Ukuta huu ni wako. Herufi kubwa ni za kusoma kwa sauti. Herufi ndogo ni za kusoma polepole ukiwa na rafiki, au za kumsomea mdogo wako. Tumeziandika chini, penye urefu wa macho ya Gredi ya Kwanza. Mzazi, ukipita hapa, inama kidogo.

Zamani ukuta huu uliandikwa kwamba elimu ni ufunguo wa maisha. Siku moja mtoto alisimama akautazama, akauliza: "Mwalimu, kufuli liko wapi?" Swali lake lilikuwa la haki. Ndiyo maana sasa kila msemo una kitu unachoweza kukionyesha kwa kidole, kiwe hapa Mamboleo, nyumbani kwenu, au kule ziwani. Msemo usioonyesheka kwa kidole tuliufuta, hata kama ulikuwa mtamu mdomoni.

MUWA HUNUNULIWA TENA. MGUU HAUNUNULIWI.

Huu umetangulia kwa sababu unakuhusu leo hii, saa za kwenda nyumbani. Unazijua trela za miwa zinazoelekea Kibos. Zikifika kwenye matuta hupunguza mwendo, na miwa inaning'inia nyuma kama inakuita. Usiende. Ukivuta mmoja, mingine huteremka nao. Dereva ameketi mbele, juu, hakuoni. Gurudumu la nyuma halijui jina lako.

Trela ikipita, simama kwenye nyasi mbali na lami, uhesabu magurudumu mpaka la mwisho lipite. Ukitamani muwa, yuko mama sokoni anayeumenya, anaukata vipande na kukutilia kwenye mfuko. Omba shilingi 10 nyumbani. Wakikosa leo, muwa wa kesho bado uko shambani unakua.

KIBOKO HAPIGI HODI.

Mchana kiboko hukaa majini, macho na masikio tu ndiyo yanaonekana. Giza likiingia hutoka kula nyasi, na huenda mbali na ziwa kuliko unavyodhani. Hakutafuti wewe. Lakini akikukuta umesimama kati yake na maji, huona umemzibia njia ya nyumbani, na hapo ni hatari sana. Ukitumwa kuteka maji au kufua ziwani, nenda jua likiwa juu, nenda na mtu mzima. Maji yakiwa kimya haina maana kwamba hayana mtu ndani.

MLANGO WA GREDI YA KWANZA NA YA PILI

MNANA HUFUMUA, MNANA HUFUMA TENA.

Geuka utazame ule mti wa miiba karibu na geti. Ndege yule wa manjano ndiye mnana. Dume huchana nyasi mbichi, akaipachika uzi mmoja mmoja kwa mdomo, akaifunga fundo bila mikono. Kiota kikikamilika hujining'iniza chini yake, anapigapiga mabawa, anamwita jike: njoo uone! Jike huingia. Anavuta hapa, anavuta pale. Asiporidhika huruka zake.

Basi dume hufanyaje? Hukifumua. Nyuzi zinaanguka chini, zile tunazozifagia asubuhi tukiuliza zimetoka wapi. Kisha huruka kutafuta nyasi nyingine mbichi, akaanza upya kwenye tawi lile lile.

Daftari lenye alama za kifutio ni daftari la mnana. Tunalipenda. Ukikosea "nyanya" ukaandika "nanya", futa, uandike tena. Usichane karatasi. Mnana hakati tawi.

UNGA HUINGIA MAJI YAKISHACHEMKA.

Mwulize anayepika ugali kwenu. Atakwambia hatii unga kabla maji hayajachemka. Swali la mwalimu nalo lina moto wake: lisikilize mpaka mwisho, ndipo unyooshe mkono.

MVUA YA MABATI INA KELELE, LAKINI HUPITA.

Mawingu yakishuka kutoka milima ya Nandi, tunajua. Kwanza upepo wa baridi, kisha tone moja, kisha bati zima linapiga ngoma na hakuna amsikiaye mwenzake. Mwalimu huweka chaki chini. Hashindani na mvua. Tunakaa, tunatazama maji yakitiririka nje ya mlango, na baada ya muda sauti inarudi.

Hasira ni hivyo hivyo. Mwenzako akiwa amekasirika hasikii, hata useme maneno mazuri vipi. Weka chaki chini. Nawe ukiwa umekasirika, sema tu: "Mvua inanyesha." Sisi walimu tutaelewa, tutakungoja.

UKUTA MREFU WA BARAZANI

MBUZI WA MASENO HUVUKA IKWETA BILA KUULIZA.

Ikweta ni mstari wa ramani unaoikata dunia nusu mbili, kaskazini na kusini. Unapita Maseno, kwenye barabara itokayo Kisumu kwenda Busia, na pale pamewekwa alama. Watu wazima husimama kupiga picha, mguu mmoja huku, mguu mmoja kule. Mbuzi hana habari. Anakula nyasi za kusini, anavuka, anakula za kaskazini. Nyasi ni nyasi.

Humu darasani mwetu wapo wanaosema Kidholuo nyumbani, wapo wa Kiluhya, wa Kikisii, wa Kinandi, wa Kinubi. Ukiambiwa usicheze na fulani kwa sababu ya lugha ya mama yake, huo ni mstari wa ramani. Uwanjani haujachorwa. Mpe pasi.

TUKTUK INA MAGURUDUMU MATATU. MOJA LIKIPASUKA, YOTE HUSIMAMA.

(Huu ni wa wale wa kazi ya vikundi. Mnajijua.)

JIWE LA JUU HUONEKANA MBALI KWA SABABU YA JIWE LA CHINI.

Ukisafiri kwenda Bondo utayaona mawe makubwa ya Kit Mikayi, yamepandana kama watu waliobebana mabegani. Kwa Kidholuo jina hilo ni "jiwe la mke wa kwanza". Kila mtu hunyoosha kidole juu. Wewe tazama chini, kwenye lile lililobeba. Nani alikuchania nywele leo? Nani alichemsha chai kabla hujaamka? Jioni ukifika, mwambie asante, umtaje na kitu chenyewe: "Asante kwa chai."

UA LA GUGU MAJI NI ZURI. MUULIZE MVUVI.

Wengi mlibishana nami kuhusu huu, mkasema ua lile la zambarau ni zuri, basi. Ni kweli, ni zuri. Hata gugu lenyewe lililetwa Afrika kutoka Amerika Kusini kwa sababu watu walipenda maua yake wakayapanda kwenye vidimbwi vyao. Kisha likaingia ziwani. Halina mizizi ardhini, linaelea, linazaa machipukizi, upepo unalisukuma. Siku nyingine mnaamka na ghuba ya Kisumu imekuwa kijani kama uwanja wa mpira. Mashua zimekwama. Injini inajaribu, majani yanajizungusha kwenye pangaboi, inazima. Mvuvi amekaa nchi kavu na nyavu zake, na nyumbani wanamngoja.

Sasa sikia kinachofanana na hilo. Mtoto mmoja alipewa jina la utani kwa sababu ya masikio yake. Siku ya kwanza tulicheka, hata yeye alicheka. Siku ya pili wakamwita hivyo watoto watatu. Kufikia wiki ya pili lilikuwa kila mahali, chooni, uwanjani, njiani, na yeye akaanza kuumwa tumbo kila asubuhi. Tulikaa chini ya mti tukaling'oa pamoja: kila mmoja alimwita kwa jina alilopewa na mama yake. Ilichukua siku kadhaa.

Jina la utani ukiliona bado ni ua moja, ling'oe hapo hapo.

TUNDU DOGO LA MASHUA HALINGOJI DHORUBA.

Tulipotembelea ufuo wa Dunga tulimwona fundi amepiga magoti kando ya mashua iliyogeuzwa. Mkononi ana uzi wa pamba, patasi na nyundo. Anaupenyeza uzi katikati ya mbao, tak, tak, tak, mpaka ufa uzibe. Kazi hiyo inaitwa kalafati. Mtoto wa Gredi ya Nne akamwonyesha tundu lililokuwa dogo kama punje ya mtama, akamwuliza kama hilo nalo lina shida. Fundi akajibu: "Hilo ndilo linaloniamsha usiku."

Ulivunja kikombe ukasema ni paka? Bado ni tundu la mtama. Nenda ukaseme leo.

TAA YA OMENA HUWASHWA MWEZI USIPOKUWEPO.

Usiku wa giza wavuvi huweka taa juu ya maji. Wadudu huja kwenye mwanga, omena nao huja. Usiku wa mbalamwezi taa haina kazi kubwa, kwa kuwa kuna mwanga kila mahali. Kwa hiyo usiende kumwonyesha hesabu yule anayeijua. Mtafute mgeni aliyehamia juzi, asiyejua hata choo kiko upande gani. Hapo taa yako inaonekana.

PENYE KIBUYU CHIRIZI

MKONO HUSAHAU ULICHOSHIKA. SABUNI HUKUMBUKA.

MTUNGI HUKAA KWENYE LAINI BILA KUSUKUMA.

KWENYE TANGI LA MAJI

Upande huu umeandikwa na ninyi. Kila Ijumaa tulikaa hapa kwenye kivuli cha tangi, mkasema, tukaandika kwenye karatasi. Hatukusahihisha chochote isipokuwa tahajia. Tulichagua ile iliyotufanya sote tunyamaze kidogo baada ya kuisikia.

OMENA MMOJA HASHIBISHI, LAKINI SUFURIA ILIANZA NA MMOJA.
Gredi ya Tano. Wanaweka akiba ya maneno mapya, neno moja kwa siku, kwenye kopo la maziwa.

KIVULI CHA TANGI NI CHA WOTE, LAKINI KINAHAMA.
Gredi ya Tatu, baada ya ugomvi wa nani akae wapi. Tangu siku hiyo wanapeana nafasi kivuli kinaposogea.

KUKU HUANGALIA JUU AKINYWA MAJI.
Gredi ya Pili. Tulipomwuliza maana yake, alisema kuku anasema asante. Hatukuongeza neno.

KIFUTIO CHANGU NI KIDOGO KWA SABABU NIMEJIFUNZA SANA.
Gredi ya Pili pia.

VIATU VYA DADA YANGU VINAIJUA NJIA YA SHULE.
Gredi ya Kwanza. Alikuja navyo Januari, vikubwa, na karatasi imesokotwa mbele ya vidole. Huu ameuandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa rangi ya buluu, na herufi "j" ikageuka nyuma. Tumeiacha hivyo hivyo.