Tumbo Ndilo Saa: Njaa katika Don't Starve

Katika Don't Starve, mchezo wa video wa mwaka 2013 wa kujinusuru porini, mhusika Wilson huanza na shibe ya 150 na kupoteza 75 kila siku. Siku ya mchezo ni dakika 8 za kwetu, kwa hiyo tumbo lililojaa huisha kwa dakika 16. Hesabu hiyo ndogo ndiyo ngoma tunayoichezea. Asubuhi natoka kambini nikitamani kuona ng'ambo ya msitu. Jioni kila kichaka nakikagua kama kina matunda, na ile hamu ya kutalii imeshayeyuka.

Kinachonivutia zaidi ni kuoza kwa chakula. Huwezi kurundika akiba ukastarehe, kwa hiyo wasiwasi wa majira ya baridi hukuingia ungali umeshiba.

Ila mwendo hulegea mno ukishapata chungu cha kupikia. Kipande kimoja cha nyama na matunda matatu hukupa Meatballs, shibe ya 62.5, karibu ya siku nzima. Kuanzia hapo njaa haitishi tena. Inakuwa kibarua cha kukagua mitego ya sungura, na mimi nilikuja kuogopa.