MKATABA WA KUPANGA NYUMBA, KATA YA KITANGIRI, WILAYA YA ILEMELA, MWANZA

Mkataba huu umefanyika Kitangiri leo tarehe 24 Januari 2026 kati ya Bw. Masanja Kulwa Ngasa, mkazi wa Kitangiri, ambaye humu anaitwa Mwenye Nyumba, na Bi. Rehema Bujiku Malale, mfanyabiashara wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, ambaye humu anaitwa Mpangaji. Nakala za vitambulisho vyao vya Taifa zimeambatishwa.

Kiwanja ni cha familia, na Mwenye Nyumba anaishi humo na mkewe katika nyumba ya mbele. Kwa sababu hiyo Bi. Specioza Ngasa ameusoma mkataba huu, ameridhia na atasaini, kwa kuzingatia Sheria ya Ndoa, Sura ya 29, ambayo hairuhusu mwanandoa mmoja kupangisha nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake.

1. Nyumba inayopangishwa

Mwenye Nyumba anampangisha Mpangaji nyumba ndogo ya nyuma, yenye vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko, stoo na choo cha ndani, iliyo upande wa juu wa kiwanja chini ya mawe makubwa. Njia ya kuingilia, kamba za kuanikia nguo na kivuli cha mwembe ni vya kutumiwa na nyumba zote mbili.

Wahusika wamekagua nyumba pamoja kabla ya kusaini na wameiona hivi: ukuta wa sebule una ufa mwembamba kuanzia kona ya dirisha hadi sakafuni, kitasa cha mlango wa nyuma ni kigumu na ufunguo wake hugeuka kwa kuinua mlango, kioo kimoja cha dirisha la chumba kidogo kimepasuka, rangi ni mpya. Mpangaji amepokea funguo nne. Hayo yaliyotajwa yalikuwepo kabla yake, na hatadaiwa hata shilingi moja kwa ajili yake siku atakapohama.

2. Muda

Upangaji ni wa mwaka mmoja, kuanzia 1 Februari 2026 hadi 31 Januari 2027. Anayetaka kuendelea, au asiyetaka, atamwambia mwenzake kwa maandishi kabla ya tarehe 1 Desemba 2026. Ujumbe wa simu unatosha, ilimradi umejibiwa.

3. Kodi ya pango na amana

Kodi ni shilingi 180,000 kwa mwezi, inayolipwa kwa miezi mitatu mitatu, yaani shilingi 540,000, ndani ya siku saba za mwanzo wa kila kipindi. Leo Mpangaji amelipa kipindi cha kwanza pamoja na amana ya shilingi 180,000, jumla shilingi 720,000, na amepewa risiti. Kila malipo yatakayofuata, yawe ya mkononi au ya simu, yatatolewa risiti siku hiyo hiyo. Dalali ameshalipwa na hana dai kwa yeyote.

Amana si kodi ya mwezi wa mwisho. Itarudishwa yote ndani ya siku 14 baada ya Mpangaji kukabidhi funguo, ikipunguzwa tu kwa bili isiyolipwa au uharibifu uliofanywa na Mpangaji au watu wake, tena kwa kuonyesha risiti ya fundi. Uchakavu wa kawaida, kama rangi kufifia au bawaba kulegea, haukatwi kwenye amana.

Kodi haitapanda ndani ya mwaka huu kwa sababu yoyote ile.

4. Umeme na kodi ya jengo

Nyumba ina mita yake ya LUKU, na Mpangaji atanunua umeme wake mwenyewe. Mita imekabidhiwa ikiwa haina deni. Kodi ya jengo inayokatwa kupitia LUKU, ambayo kwa sasa ni shilingi 1,500 kwa mwezi, ni ya Mwenye Nyumba, ingawa inakatwa kwenye fedha za anayenunua umeme. Kwa hiyo Mpangaji atatunza meseji za manunuzi, na kiasi kilichokatwa kitapunguzwa kwenye kodi ya pango ya kipindi kinachofuata. Kwa makato ya sasa, ni shilingi 4,500 kwa kila miezi mitatu. Kiwango kikibadilishwa na serikali, kitahesabiwa kile kipya.

5. Maji

Kifungu hiki wahusika wamekiandika kwa kirefu kwa makusudi, kwa sababu maji ndiyo yanayowagombanisha watu waliokaa vizuri miaka mingi, hasa huku mlimani ambako presha hushuka na maji hutoka kwa zamu.

Kiwanja kina dira moja ya MWAUWASA iliyo kwa jina la Mwenye Nyumba. Ndani, nyumba ya nyuma imefungiwa dira yake ndogo, ambayo leo inasomeka uniti 212. Kila bili ikifika, Mwenye Nyumba ataionyesha, wataisoma dira ndogo pamoja, na Mpangaji atalipa uniti zake kwa bei ile ile iliyo kwenye bili, bila nyongeza. Gharama nyingine zilizo kwenye bili watazigawana nusu kwa nusu. Bili ya nyuma, kabla ya 1 Februari 2026, haimhusu Mpangaji.

Yapo matangi mawili ya lita 1,000. Lililo juu ya mnara ni la nyumba ya nyuma peke yake, na la chini ni la nyumba ya mbele. Maji yakitoka usiku, aliye macho atafungulia matangi yote mawili, lake na la mwenzake. Hakuna atakayefunga koki ya mwenzake, iwe kwa hasira, kwa deni au kwa kusahaulika kodi. Bomba likivuja kabla ya dira ndogo, gharama ni ya Mwenye Nyumba. Likivuja baada ya dira hiyo kwa uzembe wa Mpangaji, ni ya Mpangaji. Likivuja kwa uchakavu tu, ni ya Mwenye Nyumba popote lilipo. Maji yakikosekana zaidi ya siku tatu na ikabidi kununua ya boza, kila nyumba itanunua yake.

6. Dagaa

Mwenye Nyumba anajua kazi ya Mpangaji na hana pingamizi nayo. Mpangaji anaruhusiwa kuhifadhi stoo dagaa waliokauka, wakiwa wamefungwa vizuri, wasiozidi magunia kumi kwa wakati mmoja, wakiwa juu ya mbao na si sakafuni. Hataanika dagaa uani wala juu ya mawe, hatakaanga kwa ajili ya biashara, na hatapokea mzigo baada ya saa nne usiku. Akiona panya, atachukua hatua siku hiyo hiyo. Paka wa nyumba ya mbele hahesabiki kuwa hatua.

Stoo itatumika kuhifadhi tu. Kuuzia wateja nyumbani hakuruhusiwi bila wahusika kukubaliana upya kwa maandishi.

7. Matengenezo

Paa, kuta, msingi, nyaya za umeme ndani ya ukuta, na ukuta wa mawe unaozuia udongo wa mlimani ni kazi ya Mwenye Nyumba. Ufa wa sebule umewekewa alama ya penseli na tarehe kwenye ncha yake ya chini. Ukivuka alama, Mpangaji atatoa taarifa na Mwenye Nyumba ataleta fundi ndani ya siku saba. Mfereji wa nyuma utazibuliwa na Mwenye Nyumba kabla ya mvua za vuli na kabla ya masika, na Mpangaji hatatupa humo taka wala maji ya kuoshea samaki.

Balbu, koki za ndani, vitasa na vioo vitakavyovunjwa na watu wa nyumbani ni vya Mpangaji. Karo linatumiwa na nyumba zote mbili, hivyo gari la kunyonya maji taka litalipiwa nusu kwa nusu. Ada ya kuzoa taka kila nyumba italipa yake.

Jambo la hatari likitokea, kama nyaya kutoa cheche au paa kuezuliwa, na Mwenye Nyumba asipatikane kwa saa 24, Mpangaji anaweza kuita fundi na kukata gharama hiyo kwenye kodi kwa kuonyesha risiti.

8. Faragha na wakazi

Watakaoishi ndani ni Mpangaji, watoto wake wawili na mdogo wake wa kike. Wageni wanakaribishwa, atakayezidi mwezi mmoja Mwenye Nyumba aambiwe. Mpangaji hatapangisha sehemu ya nyumba kwa mtu mwingine.

Mwenye Nyumba ataingia kwa kubisha na kuitikiwa, baada ya kutoa taarifa siku moja kabla, isipokuwa kwa moto, mafuriko au hatari nyingine ya namna hiyo. Ufunguo wa akiba alio nao ni kwa dharura hizo tu.

9. Nyumba ikiuzwa, au mmoja akifariki

Nyumba ikiuzwa, mnunuzi ataoneshwa mkataba huu kabla ya kulipa, naye ataupokea na muda uliobaki. Mwenye Nyumba akifariki, upangaji unaendelea, na kodi atapokea Bi. Specioza Ngasa mpaka msimamizi wa mirathi ateuliwe. Mpangaji akifariki, watoto na mdogo wake wataendelea kukaa hadi mwisho wa kipindi kilicholipiwa, na amana itarudishwa kwao.

10. Kuvunja mkataba

Yeyote anaweza kuuvunja kabla ya muda kwa notisi ya maandishi ya miezi miwili. Mpangaji akihama kwa notisi hiyo, kodi ya miezi asiyokaa itarudishwa. Mwenye Nyumba akivunja bila kosa la Mpangaji, atarudisha kodi iliyobaki, amana yote, na shilingi 100,000 za kuhamisha vyombo.

Kodi ikichelewa zaidi ya siku 30, Mwenye Nyumba atatoa notisi ya siku 14. Muda huo ukipita bila malipo wala makubaliano, atafuata utaratibu wa sheria kudai nyumba yake. Hatatoa vyombo nje, hatabadilisha kitasa, hatang'oa bati wala mlango. Mpangaji naye hataondoka usiku na kuacha deni.

11. Mgogoro

Wahusika watazungumza kwanza wao wenyewe, kisha mbele ya Mwenyekiti wa Mtaa. Wasipoelewana watakwenda Baraza la Kata kwa usuluhishi. Baraza likishindwa kuwapatanisha, au siku 30 zikipita bila suluhu, mwenye dai ataenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwa mujibu wa Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216.

12. Sheria na ushuru

Mkataba huu unaongozwa na Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Ushuru wa stempu chini ya Sura ya 189 utalipwa nusu kwa nusu ndani ya siku 30 tangu leo, kwa kuwa mkataba usiolipiwa ushuru haupokelewi kuwa ushahidi. Kodi ya mapato yatokanayo na pango ni ya Mwenye Nyumba. Badiliko lolote litaandikwa na kusainiwa na wote. La mdomo halina nguvu.

Umesomwa kwa sauti mbele ya wote na kusainiwa katika nakala tatu: ya Mwenye Nyumba, ya Mpangaji, na ya ofisi ya mtaa.

Mwenye Nyumba: Masanja Kulwa Ngasa (amesaini, 24 Januari 2026)
Ridhaa ya mwenzi: Specioza Ngasa (amesaini, 24 Januari 2026)
Mpangaji: Rehema Bujiku Malale (amesaini, 24 Januari 2026)
Shahidi wa Mwenye Nyumba: Dotto Kulwa Ngasa, mdogo wake (amesaini)
Shahidi wa Mpangaji: Zainabu Bujiku Malale, dada yake (amesaini)